Amelala

Katika daftari la ripoti ya usiku kulikuwa na mistari mitatu kuhusu kijana mmoja. Saa 5 usiku: amelala. Saa 7: amelala. Saa 9: amelala vizuri. Saa 11 alfajiri mhudumu aliyekuwa akideki alimgusa mguu akakuta ni wa baridi.

Aliyeandika mistari ile ni muuguzi niliyesoma naye chuo. Tulikutana Tengeru siku ya soko, nilipokuja likizo kutoka Uingereza, ambako nami nafanya kazi kwenye wodi ya wagonjwa wa akili. Hospitali siitaji, na mambo kadhaa nimeyabadilisha ili yeye na marehemu wasitambulike. Alikuwa na bahasha kwenye mkoba. Ndani yake mlikuwa na barua inayomtaka ajieleze kwa maandishi kwa nini hatua za kinidhamu zisichukuliwe dhidi yake. Kila aliyefanya kazi serikalini anaijua barua hiyo. Ukishaipata, unaandika kama mshtakiwa: unataja ulichofanya, unaficha ambacho hukufanya, na humtaji mwenzako asije naye akaandikiwa.

Nilimwambia kilichonipata mimi miaka ya mwanzo kule. Mgonjwa alifariki kwenye wodi yetu, na mimi nilikuwa zamu ya siku iliyotangulia. Nilikesha nikiandika utetezi wangu. Siku ya mahojiano, mpitiaji wa kifo hicho, ambaye alitoka idara nyingine na hakuwahi kufanya kazi na yeyote kati yetu, aliusukuma pembeni ule utetezi akaniomba nimpeleke chumbani. Alivua viatu, akapanda kitandani, akajifunika blanketi hadi shingoni, akaniambia nisimame mlangoni pale tunaposimama usiku. "Unaona nini?" Niliona blanketi. Kifua hakikuonekana, kwa sababu taa ya usiku iko upande wa miguu. Na sisi wote kwenye wodi ile, kwa miaka, tulikuwa tukisimama pale pale na kuandika kwamba mgonjwa amelala.

Basi tuliagiza chai, tukaamua kuupitia usiku wake kwa namna ile. Sharti lilikuwa moja: kila jambo tuliweke kwenye saa yake, na tuseme alijua nini saa hiyo, si tulichokuja kukijua baadaye.

Kijana alifikishwa jioni, amefungwa kamba mikononi, akiletwa na baba yake na majirani. Alikuwa na siku kadhaa bila usingizi, anasema peke yake, amevunja vitu nyumbani. Rafiki yangu alipokea zamu akiwa na wagonjwa 24, mhudumu mmoja, na daktari wa kupigiwa simu. Faili lilionyesha sindano mbili: klopromazini miligramu 100 na diazepamu miligramu 10, "irudiwe ikihitajika." Halikusema baada ya muda gani, wala mwisho wake ni ngapi. Saa 2 usiku alichoma. Saa 3 kijana alikuwa bado anapiga mlango, wengine wameamka wanapiga kelele. Akarudia zote mbili. Saa 4 kimya kikatanda.

Hapo nilimsimamisha, kwa sababu hapo ndipo penye somo la kitabibu. Diazepamu ikichomwa kwenye msuli huingia mwilini polepole na bila mpangilio. Mtu mmoja itamshika mapema, mwingine atakaa muda mrefu kama hajachomwa kitu. Kwa hiyo ya kwanza ikionekana haijafanya kazi, mara nyingi bado iko njiani, na ukirudia, zote mbili zinakuja kufika pamoja. Klopromazini nayo hushusha presha, na huishusha zaidi kwa mtu asiyekula wala kunywa maji. Kila dawa peke yake ni ya kawaida. Zikirundikana kwa mtu mwenye pombe mwilini, upumuaji unaweza kufifia taratibu bila purukushani yoyote, na kwa mtu aliyesimama mlangoni hali hiyo inafanana kabisa na usingizi.

"Alikuwa amekunywa?" nilimuuliza.

Alinyamaza. Alilisikia hilo msibani: gongo, siku mbili mfululizo. Mmoja wa majirani alilisema hospitalini, ila alimwambia karani wa mapokezi, na fomu ya mapokezi haina mahali pa kuandika pombe. Zamu ya jioni ilimkabidhi mgonjwa kwa maneno matatu: kijana, mkorofi, mpya.

Mwongozo tunaoufuata Uingereza, uliotolewa na taasisi ya NICE mwaka 2015, unasema baada ya sindano za namna hii mgonjwa apimwe mapigo ya moyo, presha, upumuaji, joto na hali ya fahamu angalau kila saa 1. Akionekana amesinzia, au kama alikunywa pombe, apimwe kila dakika 15. Muuguzi aliyechoka hukwama hapo, kwa sababu akili yake inamwambia kinyume. Usiku mzima umeomba mgonjwa alale. Akilala, umeshinda, unaweza kuwageukia wale 23 wengine. Mwongozo unakwambia kulala ndiko kunakokutaka usogee karibu. Jambo hilo haliji lenyewe kichwani. Lazima liwe kwenye karatasi mbele yako.

Kipimo cha presha? Kilikuwa kimoja, kimeazimwa na wodi ya pili tangu mchana. Nikamuuliza kama alihesabu pumzi. Alinitazama kama mtu aliyekumbushwa kitu cha mwaka wa kwanza chuoni. Kuhesabu pumzi hakuhitaji mashine. Unashusha blanketi, unaweka mkono juu ya kifua, unatazama saa kwa dakika 1 kamili. Mtu mzima mara nyingi huwa kati ya 12 na 20. Zikifika 8 au chini yake, unaita msaada papo hapo. Halafu unamwita jina na kumtikisa bega. Aliyelala atanung'unika au atavuta blanketi. Asiyefanya lolote hajalala. Ukifanya hivyo kila dakika 15 kwa saa nzima, umetumia kama dakika 5, na hata mwenye wagonjwa 24 anaweza kuzipata kama ameambiwa ni mgonjwa yupi anayezihitaji.

Je, zingemwokoa? Siwezi kusema, na hakuna anayeweza. Mwili haukufanyiwa uchunguzi, ndugu walitaka kuzika. Huenda ilikuwa moyo, huenda sukari ilishuka, huenda damu iliganda mguuni baada ya kufungwa muda mrefu ikapanda kwenye mapafu. Mapitio mazuri huandika hivyo wazi, kwamba sababu haikuthibitika, kisha yanaendelea kutaja mianya iliyoonekana hata kama si yote iliyoua: agizo la kurudia lisilo na kikomo, fomu isiyo na swali la pombe, kipimo kilichoazimwa, na desturi ya kutazama kutoka mlangoni. Ukimhamisha rafiki yangu kesho, mambo hayo yote manne yatabaki pale pale yakimsubiri atakayekuja.

Angekuwa amempiga, au amelewa kazini, lingekuwa jambo la nidhamu, na hata kule linashughulikiwa kando na kikao cha mapitio. Kwenye mikono yake mimi sikuona hilo.

Sitaki mtu aliyeko Arusha adhani kule wamefika. Mwaka 2010 kijana wa miaka 23, Seni Lewis, alipelekwa na wazazi wake hospitali ya Bethlem, London, wakitafuta matibabu. Polisi 11 walimkandamiza sakafuni, akapoteza fahamu, akafa siku chache baadaye. Wazazi wale walisubiri hadi 2017 ndipo baraza la uchunguzi wa kifo lilipotoa uamuzi wake. Sheria ya kudhibiti matumizi ya nguvu kwenye wodi za akili, inayobeba jina lake, ilipitishwa 2018. Na kwa miaka mingi ripoti zetu za ndani ziliishia kwenye sentensi moja isiyobadilisha kitu: wauguzi wakumbushwe kufuata mwongozo. Ni mwaka 2022 tu ndipo Uingereza ilipotangaza utaratibu mpya unaoacha kumtafuta mhusika na chanzo kimoja, na kuuliza kazi yenyewe hufanyikaje hasa siku ya kawaida.

Na nyumbani si kwamba hatujui. Hatua chache kutoka wodi ile, kwenye jengo la wazazi, kila kifo cha mama kinafanyiwa mapitio. Kinatolewa taarifa ndani ya saa 24, wanakaa mkunga, daktari na mtu wa maabara na wa dawa, majina hayaandikwi, na wanafuata ucheleweshaji wa aina tatu: familia ilichelewa kuamua, walichelewa kufika, au walichelewa kuhudumiwa walipofika. Si kila kikao hukaa bila vidole kunyooshwa, wakunga watakwambia. Lakini kikao kipo, fomu ipo, na watu wamezoea kukaa. Aliyekufa wodi ya akili anaachiwa barua na uhamisho. Ningemwomba Mganga Mfawidhi yeyote anayesoma hapa aikope fomu ya jengo la wazazi na kuijaribu kwa kifo kimoja tu, akiongeza swali moja ambalo kule tunaanza nalo: familia inataka kujua nini?

Kwa sababu swali hilo hakuna aliyemuuliza mama wa kijana. Nilikwenda kumpa pole. Anaishi juu kidogo ya barabara kuu, migomba hadi mlangoni. Baada ya salamu nilimuuliza, na hakuuliza kuhusu dawa wala zamu. Alisema, "Mwanangu, mimi nataka kujua kitu kimoja. Ile kamba, walimfungua? Au alikufa nayo?"

Jibu nilikuwa nalo. Rafiki yangu alikuwa amelitaja katikati ya chai, kama jambo dogo: alipopokea zamu, kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kukata kamba kwa mkasi wa bandeji, kisha akamsugua viganja kwa maji ya uvuguvugu maana vilikuwa vimevimba. Hakuliandika kwenye utetezi wake. Kwa mama hakuweza kwenda, ameambiwa asizungumze na ndugu wa marehemu hadi shauri lake liishe. Kati ya nyumba zao mbili ni mwendo wa dakika 20 kwa miguu.

Nilimpigia simu nikiwa uani, nikamwomba ruhusa, nikarudi ndani na kumweleza mama: mkasi, maji, viganja. Alisikiliza akitazama chini. Kisha akasema taratibu, "Ilikuwa kamba ya ng'ombe wetu. Baba yake ndiye aliyefunga. Tangu tumezika hajaingia zizini."