Dirisha lenye kichwa cha mviringo

Wengi wenu mnajua chumba cha kushonea ambacho kikundi chetu kinajenga hapa Uvira. Chumba bila mwangaza hakifai kwa mashine ya kushona, kwa hiyo tulitaka madirisha matatu ya vioo, chini mraba mrefu, juu nusu duara. Pesa zilitoka katika likelemba. Kwa kuwa sisi tunafundisha hesabu, tulipewa kazi ya kuandika ni chuma kiasi gani na kioo kiasi gani vitahitajika.

Vipimo ni hivi: upana sentimeta 80, pande mbili zilizonyooka 90 kila moja, na juu yake nusu duara. Chuma kinafuata ukingo, kwa hiyo kinapimwa kwa urefu. Kioo kinajaza ndani, kwa hiyo kinapimwa kwa eneo.

Tuanze na chuma. Ukipitisha uzi kuzunguka sahani ya mviringo, halafu ukaulinganisha na upana wa sahani, utaona uzi unaingia mara 3 na kidogo, yaani 3,14. Upana wa dirisha letu ni 80, basi duara nzima ingekuwa 80 mara 3,14, sawa na 251,2. Sisi tuna nusu tu: 125,6. Tukiongeza pande mbili za 90 na chini 80, ukingo ni sentimeta 385,6. Shuleni tungeishia hapo, maana mstari unaotenga mraba na nusu duara uko ndani, si ukingo. Lakini fundi anaweka chuma pale katikati pia, ili kioo kiwe vipande viwili. Hivyo tuliongeza 80 nyingine: 465,6. Chuma kinauzwa kwa meta 6, basi kimoja kinatosha dirisha moja, na kinachobaki kinampa fundi nafasi ya kushikia wakati wa kukunja.

Kwenye kioo ndipo tulipopotea. Mraba ulikuwa rahisi: 80 mara 90, sawa na 7 200. Kwa nusu duara tuliandika 3,14 mara 80 mara 80, tukagawa kwa 2, tukapata 10 048. Jumla 17 248 kwa dirisha moja, na kwa matatu zaidi ya meta mraba 5. Kila mama aliambiwa aongeze mchango. Mmoja alikuwa ameweka pesa za sare za mtoto, akazitoa mbele yetu.

Mama mkubwa wa kikundi, ambaye hajasoma sana lakini amekata nguo miaka mingi, alitandaza kartoni chini. Akachora sanduku la upana wa 80 na urefu wa 130, yaani 90 za pande na 40 za kichwa, akachora dirisha ndani yake.

“Mwalimu, dirisha limeingia lote ndani, na pembe mbili za juu zimebaki. Sanduku lenyewe ni kiasi gani?”

Tukazidisha 80 mara 130: 10 400. Hesabu yetu ilisema kwamba kioo ni kikubwa kuliko sanduku linalokizunguka! Tuliona haya.

Kosa lilikuwa hili: katika eneo, namba inayozidishwa yenyewe si upana wote, ni umbali kutoka katikati hadi ukingo, yaani nusu ya upana. Kwetu ni 40. Kwa hiyo 3,14 mara 40 mara 40, ukagawa kwa 2, ni 2 512. Tulikuwa tumeongeza kichwa cha dirisha mara nne. Jumla sahihi ni 9 712, karibu meta mraba moja kwa kila dirisha. Pesa za sare zilirudi kwa mwenyewe siku ileile.

Hata hivyo tusiende kwa muuza vioo na 9 712 hiyo. Yeye anakata nusu duara kutoka kwenye kipande cha 80 kwa 40, na pembe zinazobaki hazimfai, basi analipisha kipande kizima. Tulihesabu kwa 10 400, lile sanduku la mama: meta mraba 3,12 kwa madirisha yote.

Na vioo havikatwi kabla fremu haijaungwa. Unene wa chuma unakula nafasi, na fundi akikunja kwa mkono vichwa vitatu havifanani. Tulikata kartoni kwa kila fremu kutoka ndani, tukaiandika namba, tukapunguza milimeta 2 au 3 kila upande, maana kioo kinachobanwa sana hupasuka. Kartoni namba 2 ilikataa kuingia katika fremu namba 3. Sasa tunangoja vioo.