Damu, Maziwa na Mbuzi wa Desemba

Kila Desemba, Wachaga wanapopanda kurudi nyumbani kwa Krismasi, huniuliza swali lile lile: "Mchungaji, kisusio ni dhambi?" Wanaouliza wamesoma Matendo ya Mitume sura ya 15, ambapo Wakristo wa Mataifa waliagizwa wajiepushe na damu na vitu vilivyonyongwa. Kisusio ni supu ya mbuzi iliyotiwa damu, kwa hiyo swali lao lina uzito. Agizo lile lilitolewa na Wayahudi, basi tuangalie kwanza Myahudi ashikaye Torati angemfanyaje mbuzi wetu wa Krismasi.

Mbuzi mwenyewe hana shida. Ana kwato zilizopasuka na anacheua, kama Walawi 11 inavyotaka. Lakini si kila mwenye kisu aweza kumchinja. Mchinjaji lazima awe amefundishwa, na kabla ya kuchinja hupitisha ukucha na ncha ya kidole kwenye makali ya kisu, akitafuta pengo hata dogo sana. Hukata koo na umio kwa mwendo mmoja, bila kusita na bila kukandamiza. Baadaye hukikagua kisu tena. Akikuta pengo, nyama ile si kosheri, yaani haifai kuliwa na Myahudi. Mnyama akipasuliwa, mapafu hukaguliwa, kwa maana yakiwa na tundu nyama yote imekataliwa. Mafuta ya figo na ya tumbo huondolewa, na pia mshipa mkubwa wa paja, kwa kumbukumbu ya Yakobo aliyeteguka alipopigana mweleka pale Yaboki.

Kisha inakuja damu. Walawi 17 inafundisha kwamba uhai wa mnyama umo katika damu, na uhai ni wa Mungu. Hivyo kuchinja peke yake hakutoshi. Nyama hulowekwa majini nusu saa, hupakwa chumvi ya mawe kila upande, na huachwa saa nzima juu ya ubao ulioinama ili damu ichuruzike. Halafu husuuzwa mara tatu. Ini lina damu nyingi mno, chumvi haiwezi kuimaliza, kwa hiyo huchomwa juu ya moto. Hapo ndipo kosheri inapoachana na halali ya jirani zetu Waislamu: wao pia hawali damu iliyomwagika, ila hawadaiwi kazi hii ya chumvi, wala hawakatazwi nyama pamoja na maziwa.

Katazo la maziwa linatokana na agizo fupi la kutompika mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake. Limeandikwa mara tatu, mbili katika Kutoka na moja katika Kumbukumbu la Torati. Marabi walisema halikurudiwa bure: kupika pamoja kumekatazwa, kula kumekatazwa, na hata kupata faida kutokana na chakula hicho kumekatazwa. Wakaongeza kuku, ingawa kuku hana maziwa, ili mtu asije akachanganya nyama na nyama. Kwa hiyo nyumba ya Kiyahudi ina sufuria za nyama na sufuria za maziwa, na wengi wakishakula nyama husubiri saa sita kabla ya kunywa maziwa.

Sababu ni nini? Torati haisemi. Filo wa Aleksandria aliona ni ukatili kumpika mnyama katika kile kilichokuwa chakula chake akiwa hai. Musa bin Maimoni, mwalimu wa karne ya 12, alidhani ilikuwa desturi ya waabudu sanamu. Mimi naelewa zaidi nikiwakumbuka Wamasai wa tambarare zilizo chini yetu, ambao kwa jadi hawali nyama na maziwa siku moja. Mfugaji anajua kwamba maziwa hutoka kwa mnyama aliye hai, na nyama kwa aliyekufa.

Wapo Waafrika waliojitwika sheria hizi. Karibu na Mbale, Uganda, Semei Kakungulu na wafuasi wake walishika dini ya Kiyahudi mwaka 1919, na Abayudaya hadi leo huchinja wenyewe.

Basi, kisusio? Ungamo letu la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 28, linalitaja agizo hili la damu. Linasema wasiolishika hawatendi dhambi, kwa kuwa mitume hawakutaka kuzifunga dhamiri, bali waliliweka kwa muda ili kuepusha makwazo. Kwa hiyo Mchaga anywe kisusio kwa shukrani. Ila makwazo bado yapo. Akija Myahudi ashikaye sheria nyumbani kwako, hata mbuzi aliyechinjwa sawasawa hatamfaa akipikwa katika sufuria iliyopikiwa kisusio jana. Usimbembeleze aonje. Mpe ndizi mbivu na parachichi lisilokatwa, na kisusio kingoje hadi kesho.