Mada ya Barua Pepe Baada ya Kikao

Sisi tunaofundisha Kiswahili katika vyuo vya ualimu hapa Uganda huombwa mara kwa mara kusikiliza rekodi ya kikao na kuwaarifu wengine kilichoamuliwa. Barua pepe ya namna hiyo huanza na mada ya mstari mmoja, kisha sentensi ya ufunguzi. Wengi wa wapokeaji husoma hizo mbili tu, tena kwenye simu, na kutenda kwa kuzitegemea. Mwanachuo aliyepangiwa shule ya Gulu au Arua hukata tiketi ya basi kwa kufuata tarehe aliyoiona kwenye mada.

Tuchukue kikao cha idara cha tarehe 14 Mei 2025. Rekodi yake ina dakika 52, na hoja kuu ilikuwa tarehe ya kuanza mazoezi ya kufundisha ya mwaka wa pili. Ratiba ilitaja tarehe 2 Juni. Katika dakika ya 31 mjumbe mmoja alisema, “Tuanze tarehe 9.” Mwenzake akamkumbusha kwamba tarehe 9 Juni ni Siku ya Mashujaa, na shule hufungwa. Katika dakika ya 34 mwenyekiti akasema, “Basi, yaanze Jumatatu inayofuata, mradi walimu wakuu wakubali.”

Tunapaswa kwanza kutambua ni usemi upi uliobeba uamuzi. *Tuanze* na *yaanze* ni vitenzi vya hali moja, yaani dhamiri tegemezi inayoishia na *-e*, na hali hiyo hutumika kwa pendekezo na kwa agizo pia. Umbo la kitenzi peke yake halitutoshi. Tusikilize yanayofuata. Baada ya *tuanze* lilikuja pingamizi. Baada ya *yaanze* hakuna aliyetaja tarehe nyingine, wajumbe waliulizana, “Nani atawaandikia walimu wakuu?” na mmoja akajibu, “Nitawaandikia mimi.” Mazungumzo yalipotoka kwenye *-e* na kuingia kwenye *-ta-*, uamuzi ulikuwa umekwisha kupita.

Usemi wa mwenyekiti, hata hivyo, hauwezi kunakiliwa ulivyo. Waliokuwa kikaoni walijua kwamba kiambishi *ya-* kilisimama badala ya mazoezi, na kwamba Jumatatu inayofuata ilihesabiwa kuanzia tarehe 9 Juni. Anayefungua barua hiyo tarehe 20 Mei angeihesabu Jumatatu hiyo kuanzia siku anayosoma, akafika shuleni majuma matatu kabla ya wakati. Kwa hiyo turudishe nomino mahali pa kiambishi, na tarehe kamili mahali pa neno la kuelekezea: mazoezi ya kufundisha, tarehe 16 Juni.

Linabaki sharti. Anayeandika kwa haraka huweka mada hii: “Mazoezi ya kufundisha kuanza 16 Juni”. Kitenzi-jina *kuanza* kimetumika vizuri, kama kitumikavyo katika vichwa vya habari za magazeti kutaja jambo lijalo bila kiambishi cha nafsi wala cha wakati. Lakini mada hiyo imeahidi zaidi ya kilichoamuliwa, kwa kuwa neno *mradi* limeachwa. Kiswahili kinatupa njia fupi ya kulirudisha, nayo ni kiambishi *-ki-* cha masharti:

Mazoezi ya kufundisha kuanza 16 Juni shule zikikubali

Jina la jambo limetangulia, maana simu nyingi hukata mwisho wa mada ndefu. Kwa sababu hiyohiyo sharti, ambalo liko mwishoni, lazima lirudiwe katika sentensi ya ufunguzi:

“Kikao cha idara cha tarehe 14 Mei kimeamua kwamba mazoezi ya kufundisha ya mwaka wa pili yaanze Jumatatu, tarehe 16 Juni 2025, badala ya tarehe 2 Juni, iwapo walimu wakuu wa shule za mazoezi watakubali.”

Tumeandika *kimeamua*, wala si *kiliamua*, kwa sababu *-me-* huonyesha kwamba matokeo ya tendo bado yapo. *Yaanze* imebaki katika dhamiri tegemezi kwa kuwa inafuata kitenzi cha kuamua. *Yataanza* ingeligeuza agizo lenye sharti kuwa habari ya hakika.

Kuna rekodi zisizo na dakika ya 34. Wajumbe hupendekeza, hupinga, kisha hoja nyingine huingia. Hapo tusimtungie mwenyekiti uamuzi. Kitenzi cha haki ni *kimejadili*, na mada iseme: “Tarehe ya mazoezi ya kufundisha haijaamuliwa”. Kiambishi *-ja-* katika ukanushi humwambia msomaji kwamba jambo bado linangojewa, na mwanachuo wa Arua atajua asikate tiketi.