Ada ya mtoto kwenye hesabu za Ruashi

Niliingia Kongo kwa mara ya kwanza Septemba 2023, kwa barabara, njia ileile ya malori yetu ya Dar es Salaam: Tunduma, Kapiri Mposhi, Chingola, kisha Kasumbalesa. Foleni ya malori pale mpakani sijui nianzie wapi kuieleza, kwa hiyo naiacha. Baada ya mpaka zimebaki kama kilomita 90 hadi Lubumbashi, na siku iliyofuata nilikuwa Ruashi, upande wa kaskazini-mashariki wa mji, komini inayojulikana nje kwa mgodi wake wa shaba na kobalti. Ndani ya komini maisha ni ya mitaa: Bendera, Matoleo, Kalukuluku, vumbi jekundu, na asubuhi watoto wenye sare, shati jeupe na chini bluu, wakielekea shuleni kwa makundi.

Nilitumwa kukagua mishahara ya tawi dogo la kampuni ya usafirishaji. Mama anayeandaa mishahara alinipokea kwa heshima, akaniita Baba ingawa ananizidi umri, akaniwekea mafaili mezani. Orodha ya mishahara ilikuwa safi. Kilichonishika ni risiti moja kwenye faili la matumizi: risiti ya shule ya binafsi ya sekondari, muhuri wa zambarau, dola 600 za mwaka mzima, jina la mwanafunzi limeandikwa kwa kalamu, na kwenye mstari wa mlipaji jina la kampuni. Mwanafunzi huyo ni mtoto wa karani wa ghala.

"Mama, hii imeingia kwenye IPR?" nikauliza.

"Hapana, Baba. Hiyo ni minervali. Tulilipa shule, hatukumpa yeye feza."

Jibu lake ndilo linalotolewa kila mahali, na nimelisikia Dar pia. Lakini kodi haiulizi fedha zimepita mkononi mwa nani. Inauliza deni lilikuwa la nani. Ada ya mtoto ni deni la mzazi, na mwajiri akililipa, mzazi amepata manufaa kwa sababu ya kazi yake. Msingi wa IPR, kodi ya mishahara ya Kongo, mwaka ule ulikuwa Sheria-amri nambari 69/009 ya tarehe 10 Februari 1969, na sheria hiyo ilihesabu manufaa yasiyo ya taslimu pamoja na mshahara. Kisha ilitaja vilivyosamehewa: posho za familia kwa viwango vya kisheria, nyumba isiyozidi asilimia 30 ya mshahara, usafiri wa kwenda kazini, matibabu. Ada ya shule haikuwamo. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 nayo, inapotaja vitu visivyo sehemu ya ujira, inataja karibu vilevile, na shule haimo.

Mama alileta hoja nyingine, nayo ni nzuri: je, elimu si bure? Ni kweli, Katiba ya 2006 imeweka elimu ya msingi kuwa bure katika shule za umma, na tangu mwaka wa masomo ulioanza Septemba 2019 serikali imeanza kulitekeleza hilo. Lakini mtoto huyu yuko sekondari, tena shule ya binafsi. Ada ipo, na kuna aliyeilipa.

Basi tukakaa kuhesabu. Karani analipwa franka 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka, mbali na nyumba na usafiri vilivyo ndani ya msamaha. Ana mke na watoto watatu, jumla wategemezi wanne. Kwa dola tulitumia franka 2,500 ili hesabu iwe nyepesi. Kwenye hesabu halisi huwekwa kiwango cha siku ya malipo. Dola 600 zikawa franka 1,500,000.

Kwanza bila ada. Mchango wa mfanyakazi kwa mfuko wa hifadhi ya jamii, CNSS, ni asilimia 5, nao hutolewa kabla ya kodi, kwa hiyo kinachotozwa ni 13,680,000. Jedwali la mwaka ule lilitoza asilimia 3 hadi 1,944,000, kisha asilimia 15 hadi 21,600,000, kisha 30. Karani anaishia kwenye daraja la pili, kodi yake 1,818,720. Kila mtegemezi alipunguza asilimia 2 ya kodi, hivyo wanne walipunguza asilimia 8, na ikabaki kama 1,673,222.

Sasa ongeza ada. Baada ya CNSS kuchukua 75,000, zinabaki 1,425,000 za kutozwa, na zote zinaangukia daraja la asilimia 15: 213,750. Toa punguzo la familia, inabaki 196,650. Hiyo ndiyo kodi iliyokuwa imefichika ndani ya risiti moja. Pamoja na mchango wa CNSS, karani anadaiwa 271,650 kwa mwaka.

Mama aliandika tarakimu hizo taratibu, akarudia hesabu kwa mashine yake, akanionyesha jambo ambalo nililipenda kwa umakini wake. Ada ililipwa yote Septemba. Je, iingie yote kwenye mwezi mmoja? Jedwali la mwezi lilikuwa lile la mwaka lililogawanywa kwa 12, kwa hiyo daraja la asilimia 15 liliishia 1,800,000. Mshahara na ada kwa pamoja, baada ya CNSS, vinafika 2,565,000, na 765,000 zinarukia asilimia 30. Kodi ya nyongeza, kabla ya punguzo la familia, inakuwa 328,500 badala ya 213,750. Mtu hajawa tajiri kwa kuwa shule imedai malipo ya mwaka mara moja. Kwa kuwa kodi ni ya mwaka, mwezi uliovimba lazima usawazishwe kwa hesabu ya mwaka, la sivyo mfanyakazi ataumia bure. Mwajiri anaweza pia kulipa shule kwa mihula, na hapo shida yenyewe haitokei.

Kosa la namna hii halihitaji mchongezi kulifichua. Kongo imo ndani ya OHADA tangu 2012, na katika mpango wake wa hesabu gharama za wafanyakazi huwekwa akaunti ya 66. Mkaguzi wa mamlaka ya kodi, DGI, huchukua jumla ya akaunti hiyo, akailinganisha na mishahara iliyotangazwa kwa kodi mwezi kwa mwezi. Tofauti ikitokea, anaomba risiti. Wengine huihamisha ada kwenye akaunti ya matumizi mengine, lakini jina la mwanafunzi kwenye risiti linafanana na jina la baba yake kwenye orodha. Wengine huiita posho ya nyumba. Karani wetu alikuwa tayari amefika asilimia 30 ya nyumba, kwa hiyo chochote cha ziada kingetozwa hata kwa jina hilo. Jirani zetu wa Kenya wana mlango mwingine: huko ada haihesabiwi kwa mfanyakazi ikiwa imekwisha kutozwa kodi upande wa mwajiri. Ruashi mlango huo hatukuukuta.

Likabaki suala gumu kuliko hesabu: nani alipe? Karani aliitwa. Alisimama mlangoni mpaka Mama alipomwambia, "Ingia, Papa, ikala."

Akasikiliza yote, kisha akauliza, "Kwa hiyo musaada wa mtoto unakata mushahara yangu?"

Niliona uchungu wake na niliona ana haki ya kuuona. Aliahidiwa ada na hakuna aliyemwambia kuhusu kodi. Kwa maoni yangu mwajiri aliyetoa ahadi bila kueleza gharama yake ndiye anayepaswa kuibeba, na nilimwambia hivyo meneja. Lakini hata kubeba kuna hesabu yake. Ukimwongezea karani 271,650, nyongeza hiyo nayo ni mapato: asilimia 5 inakwenda CNSS, na kodi inakula sehemu nyingine. Katika kila franka 100 anazoongezwa hubaki kama 82. Ili asipungukiwe kitu, kampuni lazima itoe kama 331,725.

Meneja alikubali. Kwenye karatasi ya mshahara ya Septemba Mama akafungua mstari mpya wa ada ya shule, na chini yake mstari wa fidia ya kodi, akagawa vyote kwa miezi ya mwaka. Tangazo la IPR lilipaswa kufika DGI si baada ya tarehe 15 Oktoba, na akaliandaa siku hiyohiyo. Kisha akatoa faili jingine la risiti za shule, za mwaka uliotangulia, akaniuliza tuanze na ipi.