Ule Mstari Haukuwa Hapo

Dadangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha chupa za plastiki upande wa Mlolongo. Sitataja ni kipi kwa sababu bado anakula hapo, na mimi ninakula kwake. Mwezi jana alirudi nyumbani na karatasi ya mshahara, akaiweka juu ya meza na kuniambia, "Hebu angalia hii, wewe mwenye macho."

Nilidhani anataka nimsomee makato, maana siku hizi makato ni mengi kuliko mshahara wenyewe. Lakini juu kabisa kulikuwa na mistari miwili tu: mshahara wa msingi 22,500 na marupurupu ya nyumba 3,375. Halafu makato yakaanza. Nikamuuliza, "Na ovataimu?"

Akasema, "Si ndio nakuuliza."

Mwezi huo huyu mtu hakuwa anaonekana. Zamu yake inaanza saa moja asubuhi na kuisha saa kumi jioni, na saa moja ya chakula iko hapo katikati. Hizo ni saa nane. Lakini jioni kumi na moja alibaki hadi saa kumi na mbili, na Jumapili moja akaenda siku nzima. Mimi ndiye nilikuwa namtengenezea mtoto chai siku hizo, kwa hivyo hiyo hesabu siwezi kusahau.

Jambo la kwanza nililojifunza hiyo usiku ni kwamba mstari uliokosekana na mstari wenye pesa kidogo si shida moja. Kama ovataimu ingekuwa imeandikwa 1,500 badala ya 3,300, tungejua saa zake zimefika kwa watu wa mishahara, na ubishi ungekuwa ni saa ngapi au kwa kiwango gani. Lakini mifumo mingi ya mishahara huchapisha tu kile kilichoingizwa. Mstari ukikosa kabisa, mara nyingi ni kwamba hakuna mtu aliingiza chochote. Saa zako zilipotelea njiani, mahali fulani kati ya mashine na ofisi.

Tukapiga hesabu nyuma ya daftari la mtoto. Kwa mtu wa mshahara wa mwezi, kanuni za mishahara za hapa Kenya huchukulia saa moja kuwa mshahara wa msingi ukigawanywa kwa 225. Ya dadangu ni rahisi: 22,500 kwa 225 ni shilingi 100. Ovataimu ya siku ya kawaida ni mara moja na nusu, yaani 150. Siku ya mapumziko ni mara mbili, yaani 200. Jioni kumi na moja za saa mbili mbili ni saa 22, hizo ni 3,300. Jumapili saa nane ni 1,600. Jumla 4,900.

Hapa kuna mtego. Wengi tunafikiri ukipita saa nane tu, sheria inakuhesabia ovataimu. Kanuni za jumla zinaruhusu hadi saa 52 kwa wiki ndani ya siku sita, na kuna sekta zenye kanuni zao. Kilichombeba dadangu ni mkataba wake, ambao umeandika saa 48 na kusema zinazozidi hapo zitalipwa kama ovataimu. Kama hujasoma mkataba wako, usiende kubishana bado. Usome kwanza.

Sasa pesa tulikuwa tumezijua, lakini dada akanyamaza. Mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu na ulikuwa umebakisha wiki tano. Akaniambia, "Watu wa kuuliza maswali ndio huwa hawaitwi tena." Mimi ni mtu wa kamera, ningetaka aingie pale na moto. Lakini kodi ni yake, si yangu. Ni rahisi kuwa jasiri na kazi ya mtu mwingine.

Nikamwonyesha Sheria ya Ajira ya 2007. Inasema mwajiri ampe mfanyakazi taarifa ya mshahara iliyoandikwa, ingawa kuna wafanyakazi, wakiwemo vibarua na wanaolipwa kwa kipande, ambao hawamo kwenye hiyo sehemu. Tena inasema kuleta lalamiko si sababu halali ya kumfuta mtu, ila kama lalamiko halina msingi. Akasoma, akacheka. "Hawatanifuta. Mkataba utaisha tu." Na hapo sikuwa na jibu, kwa sababu ni ukweli.

Alichoamua alikiamua mwenyewe asubuhi, akifunga kitambaa. Akasema ataenda, lakini haendi kumshtaki mtu. Anaenda kuuliza swali moja: saa zangu za mwezi huu zilifika kwenu?

Alibeba vitu viwili. Karatasi moja yenye tarehe, saa ya kuingia na saa ya kutoka, bila maneno mengine. Halafu jumbe za WhatsApp za kikundi cha laini yao, ambapo msimamizi alikuwa anaandika nani anabaki leo. Hizo zilikuwa muhimu kwa sababu mashine ya vidole inaonyesha tu ulikuwa ndani ya geti. Haionyeshi kwamba uliambiwa ubaki, na jibu rahisi la ofisi huwa, "Ulikuwa unangoja gari."

Alianza na msimamizi, kwa heshima. Huyo akamwambia, "Itaingia mwezi ujao, usijali." Dada akamuuliza, "Sawa bosi, fomu ulisaini?" Jamaa akaangalia mashine.

Kumbe shida ilikuwa hapo. Ovataimu yao huandikwa kwenye fomu ya kila wiki, msimamizi anasaini, na fomu lazima ifike ofisini kabla ya tarehe 20. Fomu za laini yao hazikuwa zimesainiwa tangu mwezi uanze. Yule madamu wa mishahara alipofungua faili, alikuta watu kumi na wanne bila saa hata moja. Kumi na wanne! Na wote walikuwa wameona karatasi zao wakanyamaza, kila mtu akidhani ni yeye peke yake.

Mwezi huu mstari umekuja, umeandikwa malimbikizo ya ovataimu, 3,300. Mkononi zimefika pungufu, maana ovataimu nayo ina makato. Mjue hilo msije mkafikiri mmeibiwa mara ya pili.

Jumapili bado. Ofisi inasema alipewa siku ya kupumzika badala yake. Yeye anasema hakupewa, na ameomba waonyeshe ni tarehe gani. Hawajaonyesha. Hiyo sasa iko kwa mwakilishi wa chama, na ikikwama hapo kuna afisa wa leba, ambaye humlipi kitu kupeleka lalamiko.

Mkataba? Unaisha Ijumaa ijayo. Hatujui. Nilimuuliza jana kama anajuta, akaniambia nishike ile karatasi ya mwezi huu vizuri nisiimwagie chai. Ameanza kuziweka zote kwenye bahasha moja, pamoja na daftari dogo la saa. Wale wenzake kumi na watatu pia wamenunua madaftari.