Bahasha Katika Kadi ya Arusi

Mwalimu wa kijijini huombwa kazi nyingi zisizokuwamo katika ratiba ya shule, na mojawapo ni kusahihisha maneno ya kadi za arusi. Kijana mmoja tuliyemfundisha zamani alituletea kadi yake kabla haijapelekwa kwa mpiga chapa. Yeye na mchumba wake walikuwa wamepanga chumba kimoja Dodoma, na siku ya pili baada ya arusi walipaswa kupanda basi huko Mbeya kurudi kazini. Masufuria, seti za vikombe na mablanketi wangeyapakia wapi? Kwa hiyo aliandika chini ya kadi: “Tafadhali msilete vyombo. Zawadi ni fedha taslimu tu.” Chini yake akaweka namba yake ya simu.

Haja yake ilikuwa ya haki, lakini maneno yalikuwa makali. Tukamwuliza, “Mwanangu, ni nani anayealika katika kadi hii?” Akatazama, akaona kwamba kadi yaanza kwa jina la familia ya baba yake, kama ilivyo desturi. Basi kule juu baba na mama walialika kwa heshima, na huku chini bwana arusi mwenyewe aliwaamuru watu wazima wampe fedha. Mtoto hamwambii shangazi yake alete nini. Wazazi waweza kumdokezea, wala yeye hachukizwi.

Tena kulikuwa na jambo la mchango. Wageni hao hao walikwisha kupelekewa kadi za mchango miezi mitatu kabla, na kamati ilikuwa imeweka shilingi 50,000 kwa mtu mmoja na 100,000 kwa watu wawili. Mchango ni wa karamu: chakula, maturubai, ngoma na magari. Zawadi ni ya maharusi wenyewe. Sisi twaijua tofauti hiyo, lakini mtu aliyekwisha kulipa mchango wake kwa taabu, akiona katika kadi ya mwaliko neno “fedha” na namba ya simu, hudhani anadaiwa mara ya pili. Wengine hawaji kabisa, kwa aibu ya kuja mikono mitupu.

Basi tulikaa naye jioni ile, tukaandika hivi: “Watoto wetu wataanza maisha Dodoma mara baada ya arusi. Aliye na nia ya kuwatunza, bahasha itakuwa rahisi kwao kuichukua safarini.” Hakuna kiasi kilichotajwa, wala neno “tu,” wala katazo. Sababu imetangulia, na sababu yenyewe ni ya kweli. Kama wangalikuwa wanakaa Mbeya tusingaliyaandika hayo, kwa maana watu hujua. Neno “bahasha” kila mtu alifahamu, nalo halina ukali wa “fedha taslimu.”

Namba ya simu tuliiondoa katika kadi. Ni kweli kwamba tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 watu walio mbali hutuma zawadi kwa simu, na si vema kuwafungia njia. Lakini namba hiyo iliandikwa katika vipande vidogo vya karatasi, wakapewa walio mbali na waliouliza. Nayo haikuwa namba ya bwana arusi, bali ya shangazi yake, na jina lake lilipigwa chapa kando yake kama lilivyosajiliwa. Kwa sababu mtumaji huonyeshwa jina la mwenye namba kabla ya kuthibitisha, na akiona jina asilolijua huogopa matapeli na kuacha.

Tulimkataza pia asitumie namba ya mweka hazina wa kamati. Katika arusi moja tuliyohudhuria, mchango na zawadi viliingia katika simu moja. Arusi ilipokwisha, deni la maturubai lililipwa kwa fedha zote zilizokuwamo, na maharusi hawakuweza kujua nani aliwatunza wala kiasi gani. Wala si shukrani peke yake iliyopotea: mtu akikutunza leo, kesho wamtunza mwanawe, na bila daftari utakumbukaje? Ndiyo maana shangazi aliandika kila jina, na kwa mshereheshaji tukaomba awakumbushe watu kuandika majina juu ya bahasha zao, asitaje kiasi kwa kipaza sauti.

Siku ya arusi bahasha zilijaa kikapu. Bibi mmoja, jirani yao, alikuja na kinu na mchi kichwani, akacheza navyo mpaka mbele ya maharusi, wakapokea kwa mikono miwili. Kinu kiko kwa mama wa bwana arusi hata sasa, kikingoja siku watakapopata nyumba yenye ua.