Beringi Moja, Mafaili Mawili

Hapa Gisenyi, ukisimama asubuhi karibu na Petite Barrière, utaona watu wenye ulemavu wakivuka kutoka na kwenda Goma kwa baiskeli za magurudumu matatu zilizojaa mizigo. Mimi na vijana wangu tulitaka kutengeneza moja, lakini kwanza tuichore kwenye FreeCAD. Kompyuta tunayo moja tu, RAM yake GB 4.

Shafti ya nyuma na ya mikono zinashikwa na beringi nne za UCP204. Nikapakua modeli ya mtengenezaji, nikaiweka mara nne. Ilikuja na kila kitu: gololi za ndani, sili, hata herufi za chapa. Bolti nazo nikazichora na nyuzi zake. Ukigeuza mchoro kidogo tu, kompyuta inaganda. Kijana mmoja akasema, "Kaka, hii baiskeli haitembei hata kwenye skrini!"

Basi nikatengeneza folda mbili. `asili` inatunza faili la mtengenezaji kama lilivyo, na haliingii kamwe kwenye mchoro mkubwa. `nyepesi` ina umbo nililochora mwenyewe: nyumba ya beringi, tundu la milimita 20, na matundu mawili ya bolti yaliyoachana milimita 95. Bolti ikawa mti laini na kichwa chake, bila nyuzi. Halafu sikunakili beringi mara nne. Niliweka `Link` nne za faili moja; ukirekebisha faili hilo, zote nne zinabadilika. Ila usihamishe folda ovyo, maana `Link` itapoteza faili lake.

Mchoro ukawa mwepesi kweli. Lakini nilirahisisha kupita kiasi.

Ringi ya ndani ya UCP204 ina upana wa milimita 31. Mimi nikaigawa katikati, 15.5 kila upande. Kumbe ile halisi haiko sawa: upande mmoja inatoka 12.7, na upande wenye skrubu za kubana inatoka 18.3. Sproketi nilikuwa nimeiweka 17.5 kutoka katikati ya beringi, na gurudumu upande wa pili vilevile. Fundi alipokuwa ameshachomelea, sproketi ikagoma kuingia. Tukaigeuza beringi, sproketi ikapata nafasi, gurudumu likakosa. Tulinunua shafti nyingine kwa pesa tuliyokuwa tumeweka kwa ajili ya matairi.

Sasa kabla ya kuweka kitu kwenye `nyepesi`, nafungua na kile cha `asili`, navipandisha juu ya kimoja, katikati kwa katikati. Kila mahali ambapo kitu kingine kitagusa au kupita karibu, lazima vilingane. Herufi na gololi naziacha. Gololi hazigusi kitu chetu chochote, lakini ile ringi inagusa.

Matairi bado tunachanga.